Jinsi ya kugundua umri uliokadiriwa katika takwimu za sensa

Chukua jedwali la sensa linaloonyesha idadi ya watu kwa kila mwaka mmoja wa umri, lichore kama grafu, kisha angalia kama mstari unateremka taratibu au umejaa miiba. Miiba ikisimama kwenye 30, 35, 40, 45, 50 na kuendelea, huku kila mmoja ukiwa na shimo kushoto na kulia, unachotazama ni mrundikano wa umri. Watu wasiojua umri wao kwa uhakika, au wanaojibu kwa niaba ya mwenzao, hutaja namba ya mviringo. Mtu wa miaka 41 anaandikwa 40, wa 29 anaandikwa 30.

Mwongozo huu unafuata jedwali moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Takwimu zake nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe rahisi kufuatilia, lakini umbo lake ni lile utakalokutana nalo katika sensa nyingi za mahali ambapo vyeti vya kuzaliwa ni vichache. Lengo ni kupima ukubwa wa tatizo, kujua watu wamehama kutoka umri gani kwenda upi, na kuamua kama takwimu zinaweza kutumika na kwa kazi ipi.

Hatua ya 1: Pata umri wa mwaka mmoja mmoja, tena ambao haujasafishwa

Jedwali lenye makundi ya miaka mitano mitano halitakusaidia hapa, kwa sababu 30 imekwisha kuchanganywa na 31 hadi 34. Omba jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja, na uulize swali moja kabla ya kuanza: je, umri huu ni kama ulivyoandikwa na karani, au umelainishwa ofisini? Ofisi nyingi za takwimu huchapisha umri uliorekebishwa. Ukiupima huo, utapata matokeo mazuri mno ambayo hayasemi chochote kuhusu wahojiwa.

Uliza pia jinsi umri uliokosekana ulivyojazwa. Njia ya kawaida ni kuazima umri wa mtu mwingine anayefanana na yule asiye na umri. Aliyeazimwa akiwa na umri wa kukadiria, kosa lake linahesabiwa mara mbili.

Hili ndilo jedwali letu, kuanzia miaka 23 hadi 62. Kila mstari una miaka mitano, na umri unaoishia na 0 au 5 umewekwa katikati.

| Umri | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 23–27 | 410 | 380 | 790 | 370 | 400 | 2350 |
| 28–32 | 400 | 210 | 1090 | 160 | 290 | 2150 |
| 33–37 | 230 | 220 | 720 | 260 | 220 | 1650 |
| 38–42 | 270 | 160 | 930 | 90 | 200 | 1650 |
| 43–47 | 140 | 130 | 560 | 150 | 140 | 1120 |
| 48–52 | 170 | 90 | 690 | 60 | 110 | 1120 |
| 53–57 | 80 | 90 | 300 | 100 | 70 | 640 |
| 58–62 | 80 | 50 | 480 | 40 | 70 | 720 |

Soma mstari wa nne polepole. Wenye miaka 38 ni 270, wenye 39 ni 160, wenye 40 ni 930, wenye 41 ni 90. Hakuna vita, njaa wala wimbi la uzazi linaloweza kuzaa watu 930 mwaka mmoja na 90 mwaka unaopakana nao, tena jambo hilo hilo likajirudia kwenye 30, 50 na 60.

Hatua ya 2: Kokotoa fahirisi ya Whipple

Fahirisi hii ina jina la George Chandler Whipple, mhandisi wa Marekani aliyeshughulikia afya ya jamii mwanzoni mwa karne ya 20. Wazo lake ni jepesi. Kati ya miaka 40 iliyopo kuanzia 23 hadi 62, miaka 8 inaishia na 0 au 5, yaani moja ya tano. Kama watu wanataja umri wao halisi, umri huo 8 unapaswa kubeba takriban moja ya tano ya watu wote. Gawanya kilichopo kwa kilichotarajiwa, zidisha kwa 100.

Kwetu, waliotaja 25, 30, 35, 40, 45, 50, 55 na 60 ni 5560. Jumla ya watu wote wa 23 hadi 62 ni 11,400, na moja ya tano yake ni 2280. Kwa hiyo fahirisi ni 5560 ÷ 2280 × 100, sawa na 243.9.

Katika Excel au programu inayofanana nayo, weka umri kwenye safu A na idadi ya watu kwenye safu B, kuanzia mstari wa 2:

```
=SUMPRODUCT((MOD(A2:A41,5)=0)*B2:B41)*500/SUM(B2:B41)
```

Kwa wanaotumia R:

```r
# umri: 23 hadi 62; watu: idadi kwa kila umri
500 * sum(watu[umri %% 5 == 0]) / sum(watu)
```

Kwa nini tuanze na 23, na kuishia 62? Kwa sababu mipaka hiyo inaiweka kila namba ya mviringo katikati ya miaka yake mitano, kama jedwali letu lilivyopangwa. Idadi ya watu hupungua kadiri umri unavyopanda. Ukiiweka 25 mwanzoni mwa kundi badala ya katikati, ungeipa faida isiyo yake. Watoto wameachwa nje kwa kuwa wazazi huwa na kumbukumbu bora zaidi ya umri wao, na makosa ya umri wa mtoto hayafuati sana 0 na 5. Wazee nao wameachwa kwa sababu vifo huwapunguza kwa kasi isiyo ya mstari mnyoofu, na baadhi yao hujiongezea miaka, jambo ambalo ni kosa la aina nyingine.

Hatua ya 3: Isome namba uliyopata

Umoja wa Mataifa una ngazi tano zinazotumika sana. Chini ya 105, takwimu ni sahihi mno. Kuanzia 105 hadi 109.9, ni sahihi kiasi. Kuanzia 110 hadi 124.9, ni za kukaribia. Kuanzia 125 hadi 174.9, ni mbovu. Kuanzia 175 kwenda juu, ni mbovu sana. Sisi tuna 243.9, kwa hiyo hatuna la kubishana.

Ila ngazi hizo hazikuambii ni watu wangapi waliokadiria, na hilo ndilo swali ambalo mkuu wako atakuuliza. Kuna njia ya kulijibu. Fahirisi huwa 100 pasipo na mrundikano, na hufika 500 kila mtu anapotaja namba inayoishia na 0 au 5. Toa 100 kwenye fahirisi yako, gawanya kwa 400. Kwetu ni 143.9 ÷ 400, yaani 0.36. Maana yake ni kwamba kati ya kila watu 100 ambao umri wao halisi hauishii na 0 wala 5, takriban 36 wametaja namba inayoishia hivyo. Binafsi naona sentensi hiyo ina manufaa zaidi kwenye ripoti kuliko neno "mbovu".

Tahadhari moja unaposhuka hadi ngazi ya kijiji au eneo dogo la kuhesabia watu: fahirisi inayumba kwa bahati tu. Eneo likiwa na watu 200 wa umri huo, unatarajia 40 wawe kwenye 0 na 5, lakini idadi hiyo inaweza kupanda au kushuka kwa watu 11 bila mtu yeyote kudanganya. Fahirisi ya 125 hapo inaweza isiwe na maana yoyote. Kwa watu 11,400 kuyumba kwa namna hiyo ni kama alama 4 tu, kwa hiyo 243.9 yetu si bahati.

Hatua ya 4: Chambua tarakimu ya mwisho moja moja

Hapa ndipo wengi huacha mapema. Whipple inatazama 0 na 5 tu, tena zikiwa pamoja. Jumlisha watu kwa tarakimu ya mwisho ya umri wao. Kila tarakimu ina umri minne kati ya 23 na 62, kwa hiyo ukigawa sawasawa kila moja ingepata 1140.

| Tarakimu | 0 | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 | 7 | 8 | 9 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Watu | 3190 | 350 | 670 | 860 | 820 | 2370 | 880 | 830 | 920 | 510 |

Sifuri inavuta kuliko tano, kama kawaida. Zinazokimbiwa zaidi ni 1 na 9, majirani wa sifuri. Linganisha 8 na 9: watu wa 28, 38, 48 na 58 wanapaswa kuwazidi kidogo tu wale wa 29, 39, 49 na 59, lakini ni 920 dhidi ya 510. Hata kati ya wale wasiotaja sifuri, wengi wanapenda 8 kuliko 9. Na 1 iko chini zaidi ya 9, dalili kwamba waliovuka muongo walirudishwa nyuma kwa wingi kuliko waliokaribia walivyosukumwa mbele.

Sasa angalia 2 na 3. Ni 670 dhidi ya 860. Mtu wa haraka atasema watu wanaikwepa 2 kuliko 3. Sivyo. Katika jedwali letu tarakimu 3 inaanzia umri wa 23, wakati 2 inaanzia 32. Watu wa 2 wamewazidi wale wa 3 kwa miaka tisa, na katika wakazi hawa idadi hupungua kwa kama robo kila miaka kumi. Tofauti yote ile inaelezwa na umri wenyewe. Ndiyo maana katika jedwali hili unalinganisha kwa uhakika tarakimu zinazofuatana tu, na hulinganishi 2 na 3 kwa sababu mkato wetu wa umri umepita katikati yao.

Upendeleo huo ndio alioushughulikia Robert Myers katika njia yake ya mwaka 1940. Anahesabu kila tarakimu mara mbili, kwanza kuanzia umri wa miaka 10 na kisha kuanzia 20, halafu anazipa hesabu hizo uzito tofauti: kwa 0 ni 1 na 9, kwa 1 ni 2 na 8, na kuendelea hivyo mpaka 9 ambayo ni 10 na 0. Kwa njia hiyo hakuna tarakimu inayofaidika kwa kutangulia. Ukishapata majumuisho, yageuze kuwa asilimia, toa 10 kwa kila moja, jumlisha tofauti bila kujali alama ya kutoa, gawanya kwa 2. Sifuri ni hakuna mrundikano. 90 ni watu wote kwenye tarakimu moja.

Hatua ya 5: Soma swali lililoulizwa kwenye dodoso

Hili ni kosa linalowapata hata wazoefu. Whipple hudhani kwamba kilichokadiriwa ni umri. Lakini madodoso mengi huuliza mwaka wa kuzaliwa, kisha kompyuta inautoa kwenye mwaka wa sensa. Mtu asiye na uhakika hatataja tena 30, atasema "1990". Tuseme sensa ilifanyika mwaka 2022 na umri ukapatikana kwa kutoa mwaka. Waliotaja 1990 wanakuwa na miaka 32, waliotaja 1980 wanakuwa 42, waliotaja 1985 wanakuwa 37. Mrundikano upo palepale, ila sasa uko kwenye 2 na 7. Kama dodoso lilichukua pia mwezi, sehemu yao itaangukia 1 na 6.

Matokeo yake fahirisi ya Whipple inatoka karibu na 100 au chini yake, na ripoti inasifu ubora usiokuwepo. Ukiona Whipple ya 92, usifurahi. Chini ya 100 maana yake ni kwamba 0 na 5 zimeporwa watu, na lazima kuna mahali walipokwenda. Jedwali la tarakimu kumi litakuonyesha mara moja. Ambapo dodoso liliruhusu umri au mwaka, tenganisha makundi hayo mawili kabla ya kupima chochote. Ukiyachanganya, miiba ya kundi moja inajaza mashimo ya jingine.

Hatua ya 6: Tenganisha mrundikano na historia ya kweli

Si kila mwiba ni kosa. Japani mwaka 1966 waliozaliwa walipungua kwa karibu robo kwa sababu mwaka huo, kwa imani ya kalenda yao, haukuwa mwema kwa mtoto wa kike kuzaliwa. Pengo hilo ni la kweli na linaonekana katika kila sensa yao iliyofuata.

Kipimo cha kawaida ni kuweka sensa mbili pamoja. Pengo la kweli husafiri na waliozaliwa mwaka huo. Mrundikano hubaki kwenye namba zilezile. Lakini sensa nyingi hufanyika kila baada ya miaka kumi, na hapo kipimo hiki kina mtego: waliokuwa 30 sasa ni 40, kwa hiyo wimbi la kweli la watu wa 30 nalo linaangukia sifuri nyingine. Amua kwa kutazama namba zote za mviringo kwa pamoja. Historia huacha mwiba mmoja au miwili. Mrundikano huinua 30, 40, 50 na 60 zote katika sensa zote mbili.

Hatua ya 7: Tafuta nani aliyekadiria

Rudia fahirisi kwa wanaume na wanawake kando, kwa mjini na vijijini, kwa ngazi ya elimu. Kama faili lina taarifa hizo, fanya mambo mawili zaidi. Kwanza, tenga waliojijibia wenyewe na waliojibiwa na mkuu wa kaya. Ukikuta mkuu wa kaya ana fahirisi ya chini na wengine wote wa nyumba wana ya juu, tatizo liko kwenye utaratibu wa mahojiano, si kwamba watu hawajui umri wao.

Pili, kokotoa kwa kila karani, ukikumbuka onyo la watu 200. Makarani wawili katika kata moja, wanaohesabu watu wa aina moja, hawapaswi kutofautiana kwa alama mia. Wakitofautiana hivyo, inawezekana mmoja wao alikuwa akikadiria kwa kuangalia sura, au akiandika bila kuuliza.

Hatua ya 8: Amua makundi ya umri utakayotumia

Imezoeleka kudhani kwamba kuweka watu kwenye makundi ya miaka mitano kunamaliza tatizo. Hebu tujaribu kwa jedwali letu. Kundi la 25–29 lina 2170, 30–34 lina 1990, 35–39 lina 1630, 40–44 lina 1490, 45–49 lina 1110, 50–54 lina 1030, 55–59 lina 600. Tazama hatua za kushuka: 180, 360, 140, 380, 80, 430. Ndogo, kubwa, ndogo, kubwa. Gawanya kila kundi kwa wastani wa majirani wake wawili: 40–44 linatoka 1.09, na 45–49 linatoka 0.88. Sifuri imewavuta watu wa 38 na 39 kutoka kundi la nyuma na kuwaleta kundi lake, huku 5 ikishindwa kulipiza kwa nguvu ileile.

Kuiweka namba ya mviringo katikati, kama jedwali la mwanzo, hakutoshi pia: 58–62 lina watu 720 wakati 53–57 lina 640. Wazee wa 60 wanaonekana wengi kuliko walio wadogo kwao kwa umri, maana yake sifuri imevuta watu kutoka mbali zaidi ya miaka miwili.

Jaribu miaka kumi kumi. Kundi la 25–34 lina 4160, 35–44 lina 3120, 45–54 lina 2140. La pili na la tatu ni kama asilimia 75 na 69 ya lililotangulia, mteremko mzuri usio na meno, kwa sababu kila kundi lina 0 moja na 5 moja. Kwa hiyo kazi ikikuruhusu, tumia miaka kumi. Ikikulazimu mitano, anza na kumi kisha igawanye upya kwa kanuni ya kulainisha, na uandike wazi kwamba umefanya hivyo.

Usilainishe pale ambapo Hatua ya 6 ilikuonyesha pengo la kweli. Kanuni haijui tofauti na italifukia. Na usilainishe umri wa mwaka mmoja mmoja kwa ajili ya swali linalotegemea mpaka mmoja, kama idadi ya waliotimiza 60 wanaostahili malipo ya uzeeni. Katika jedwali letu waliojitaja 60 ni 480 na waliojitaja 59 ni 50, na hakuna kanuni itakayokuambia ni yupi kati ya hao 480 ambaye bado hajafika. Jibu la swali hilo liko kwenye vyeti na madaftari ya usajili wa vizazi.